Picha Nzuri na Maelezo Mafupi

Novemba 2024 wanachama wa kikundi chetu cha ushairi na ngoma hapa Bariadi tulipokea barua kutoka kwa mwenyekiti wa kamati. Ilikuwa na nambari ya kumbukumbu, tarehe, mhuri, na kichwa kilichopigiwa mstari: YAH: KUWASILISHA PICHA NA MAELEZO KWA AJILI YA TOVUTI MPYA YA KIKUNDI. Mwili wake ulikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilitutaka tuhusike na kichwa cha habari hapo juu. Ya pili ilimtaka kila mwanachama awasilishe "picha nzuri na maelezo mafupi mapema iwezekanavyo". Ya tatu ilitutakia kazi njema.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, na Kiswahili chake ni fasaha kuliko cha wengi wetu. Barua ile haina kosa la sarufi hata moja. Hata hivyo, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupokea vitu vilivyotumwa, na kwa miezi mitatu nimeona maneno yale machache yalivyofanya kazi kinyume cha nia ya aliyeyaandika. Naona hoja hii inatuhusu sisi tunaopima maneno kwa mizani kila siku, maana barua ya kuomba kitu nayo ni utungo, na neno lililowekwa pasipo lake huuharibu kama kina kilichopotea.

Nianze na "picha nzuri". Katika masikio ya watu wetu, picha nzuri ni ile ambayo mtu amevaa vizuri, amesimama wima, amekabili kamera, na nyuma yake kuna pazia. Basi hizo ndizo zilizokuja. Nilipokea picha za pasipoti zenye mandhari ya buluu. Nilipokea picha za harusi, za mahafali, na moja ya mwanachama akiwa ameegemea gari ambalo sote twajua si lake. Kati ya picha zaidi ya 40, zilizoonyesha mtu akighani, akipiga ngoma au akiandika hazikufika kumi. Si kwamba hazipo. Zipo majumbani, zimekunjika pembe, zimepauka kwa jua, nyingine zimeliwa na mchwa upande mmoja. Wenye nazo walizitazama, wakalisoma tena lile neno "nzuri", wakazirudisha kwenye sanduku.

"Maelezo mafupi" nayo yalikuwa na tafsiri nyingi kama wasomaji wake. Mmoja alidhani ni wasifu, akaandika alikosoma tangu darasa la kwanza. Mwingine alidhani ni maelezo ya malipo, akaleta orodha ya michango yake yote. Wawili walituma mashairi. Waliobaki waliandika sentensi moja, na kwa kuwa waliambiwa iwe fupi, ilikuwa fupi kweli: "Mimi nikiwa mjini." "Wanakikundi wakicheza ngoma ya asili."

Sentensi hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Picha yenyewe ilinifikia kwa WhatsApp Desemba. Inaonyesha wanaume kama kumi na wawili kwenye uwanja wa vumbi. Mmoja amesimama mbele yao, ameipa kamera mgongo, mkono wake mmoja uko juu. Kulia, pembeni kabisa, kuna watu wengi ambao sura zao hazionekani vizuri kwa kuwa wako katika mwendo. Jina la faili lilikuwa `IMG-20241203-WA0014.jpg`. Mtu asiyejua angesema ni picha ya tarehe 3 Desemba 2024. La hasha. Tarehe hiyo ni ya safari ya picha katika simu, si ya picha. Kwenye simu nyingi, WhatsApp huipa picha jina jipya kwa siku iliyopita mkononi mwake. Tena ukiituma kwa njia ya kawaida, huibana iwe ndogo, na huiondolea tarehe na mahali ambavyo kamera ya simu ilikuwa imevihifadhi ndani ya faili. Kinachosalia ni picha hafifu yenye jina la uongo.

Nilimpigia aliyetuma. Akaniambia picha ni ya karatasi, ya bibi yake, na kwamba aliipiga kwa simu ikiwa bado ndani ya fremu ya kioo. Nikamwomba anipeleke kwa bibi huyo, huko Itilima.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia. Akaitika, akaniuliza kwetu ni wapi na baba yangu ni nani, kisha akaitoa picha kwenye kioo kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na mhuri wa studio uliofifia usisomeke, na maneno mawili ya kalamu ya wino: Lagangabilili 1998. Miezi yote hiyo jibu lilikuwa limelala kwenye mgongo wa karatasi, na barua yetu haikuwa imemwambia mtu yeyote aigeuze.

Yaliyo mbele bibi aliyasoma kama mtu asomaye gazeti. Ilikuwa baada ya mavuno, msimu wa mashindano. Wasomaji wa pwani huenda hawajui kwamba ngoma ya Kisukuma ina vyama viwili vikongwe vinavyoshindana tangu karne ya 19: Wagika, wanaomfuata muasisi wao Ngika, na Wagalu, wanaomfuata Gumha. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila upande na nyimbo zake na dawa zake. Watazamaji wako huru kwenda wanakovutiwa. Upande uliojaza watu ndio umeshinda. Basi manju wa ngoma, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hatungi ili asifiwe tu. Hutunga ili awang'oe watu kutoka kwa mwenzake.

Bibi aliweka kidole kwenye ule ukungu wa watu pembeni. "Hawa," akasema, "wanatoka kwao, wanakuja kwetu."

Nadhani msomaji ameshaelewa. Ile picha ilikuwa imenasa dakika yenyewe ya ushindi. Mtu aliyeipa kamera mgongo ndiye manju, na wimbo aliokuwa akiuimba ndio uliowang'oa wale watu. Alifariki miaka kadhaa iliyopita, na bibi anaukumbuka wimbo ule, si wote. Sisi tulikuwa tayari kuiweka picha hiyo mbele ya ulimwengu chini ya maneno "wanakikundi wakicheza ngoma ya asili", na hakuna ambaye angetuambia tumekosea, kwa kuwa sentensi ile ni ya kweli. Ukweli wake ndio ubaya wake. Ingeweza kukaa chini ya picha yoyote, kutoka Maswa hadi Meatu.

Tulipomaliza, maelezo yalikuwa hivi: "Mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, Lagangabilili, baada ya mavuno ya 1998. Wakati huo Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Sasa Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Aliyeipa kamera mgongo ni manju. Kulia, watazamaji wakihamia upande wake. Mpiga picha hajulikani. Mhuri wa studio nyuma haukusomeka. Yamesimuliwa na bibi aliyekuwapo." Majina yao yamo katika daftari letu, nami siyaandiki hapa, kwa kuwa watoto wa marehemu hawajaulizwa bado.

Mtu atasema maelezo hayo si mafupi. Ni kweli. Lakini angalia kila kipande kinavyofanya kazi. Hiyo sentensi ya mikoa, kwa mfano, si urasimu. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Anayeandika "1998, Mkoa wa Simiyu" ameandika mahali ambapo siku hiyo hapakuwapo, na anayeandika "Bariadi" peke yake atawapoteza watu wa Itilima, ambao wilaya yao ilimegwa kutoka Bariadi. Busega ni hivyo hivyo, ilikuwa sehemu ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mtafiti wa kesho akitafuta habari za ngoma ya Busega ya miaka ya tisini atapekua makabati ya Mwanza, si ya Bariadi, na ni sisi wa kumwelekeza. Njia salama ni kuanza na jina la kijiji, kwa kuwa mipaka ya juu hubadilika zaidi, kisha kuandika ilikuwa wapi wakati ule na iko wapi sasa.

Kuhusu ridhaa nina msimamo mkali kidogo kuliko wenzangu katika kamati. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inalinda picha kama inavyolinda shairi. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwapo, kuna tofauti kubwa kati ya picha iliyo ukutani kwa bibi na picha inayoonekana na kila mwenye simu. Mwanachama aliyetuma ana haki juu ya karatasi. Hana sauti ya wale kumi na wawili. Kwa hiyo nashikilia kwamba kila picha iambatane na neno moja kati ya mawili, "ameulizwa" au "hajaulizwa", na ile ya pili ibaki daftarini hadi swali liulizwe. Watoto waulizwe wazazi wao.

Sasa nije kwenye yale mashairi mawili yaliyotumwa, maana hapa ndipo wasomaji wa ukurasa huu watakapowaka. Shairi la kwanza lilifika likiwa limekatika vibaya. Simu ilikuwa imeivunja mishororo mahali ambapo kioo kiliishia, na mwandishi, alipoona imevunjika, akabonyeza kitufe cha mstari mpya ili "kuinyoosha". Ikawa haijulikani tena mkato wa mwenye shairi uko wapi na wa simu uko wapi. La pili lilipata maafa zaidi, kwa kuwa lilipita mikononi mwa kijana mwenye nia njema aliyelisahihisha. Silichapishi shairi la mwanachama bila idhini yake, basi natunga ubeti wangu mwenyewe kuonyesha lililotokea:

Pamba nyeupe shambani, wavunaji waiona,
Wametoka majumbani, asubuhi wakutana,
Nyimbo zipo midomoni, mikono yafuatana,
Jua likiwa kichwani, ndipo wanapoagana.

Mizani ni nane kwa nane, kina cha kati -ni, cha mwisho -na. Kijana wetu akiliona "waiona" huliona kama kosa la uchapaji, hulifanya "wanaiona". Akiliona "yafuatana" huliandika "inafuatana". Kisarufi hajakosea popote, na vina vyote viwili vimesalimika, ndiyo maana haoni alichoharibu. Lakini hesabu: wa-vu-na-ji-wa-na-i-o-na, tisa. Mi-ko-no-i-na-fu-a-ta-na, tisa. Mishororo miwili imevimba, na msomaji atamlaumu mtunzi kwa kutojua kuhesabu. Ndiyo sababu napendekeza shairi litumwe mara mbili: liandikwe kwa mkono, kila mshororo kwenye mstari wake, ipigwe picha karatasi hiyo; kisha liandikwe kwa simu. Tukitofautiana juu ya neno, karatasi iamue.

Nyimbo za Kisukuma zina shida yake ambayo karatasi haiimalizi. Kisukuma kina irabu saba, na sisi tuliosomeshwa kwa Kiswahili tunaziandika kwa herufi tano. Toni hatuiandiki kabisa. Wimbo ukiandikwa hivyo, mwenyeji ataubahatisha na mgeni atapotea. Kwa nyimbo, basi, maandishi yaje pamoja na sauti, hata ikiwa ni ya dakika moja iliyorekodiwa kwa simu uani, na tafsiri ya Kiswahili iandikwe na aliyeimba au kwa kumuuliza yeye. Wimbo wa yule manju tulimrekodi bibi akiuimba. Aliimba beti zile alizozikumbuka, akanyamaza, akasema zilizobaki zinajulikana na mtu mmoja aliyehamia Meatu.

Limebaki "mapema iwezekanavyo". Sijui ni nani aliyetuachia msemo huu katika barua zetu, lakini sijawahi kuona kazi iliyokamilika kwa tarehe hiyo. Na Novemba! Novemba mvua zimeanza, watu wako mashambani tangu alfajiri, na wazee wenye picha ndio wanaosimamia kupanda pamba. Hakuna atakayefungua sanduku. Wakati wa kuomba picha katika mkoa huu ni baada ya kuvuna na kuuza pamba, miezi ya ukame, ambapo watu wana nafasi ya kukaa na kubishana huyu ni nani na yule ni nani. Mabishano hayo ndiyo maelezo yenyewe.

Nimempelekea mwenyekiti rasimu yangu, nayo ni hii:

"Ndugu mwanachama, naomba unitafutie picha moja, mpya au kuukuu, inayotuonyesha tukitunga, tukighani, tukicheza au tukifanya mazoezi. Ikiwa imechakaa, si neno. Ikiwa ni ya karatasi, itoe kwenye kioo, ilaze karibu na dirisha mchana pasipopigwa na jua, zima taa ya kamera, kisha uipige mbele na nyuma. Itume kwa WhatsApp kwa kuchagua `Document`, si kama picha ya kawaida, ili isibanwe.

Pamoja na picha niandikie: ni akina nani, kuanzia kushoto, ni kijiji gani, ni mwaka gani, hata kwa kukadiria, na useme kwamba umekadiria, nini kilikuwa kikiendelea dakika ile, nani aliipiga, na nani amekueleza hayo. Andika kwa urefu wowote. Kwa kila mtu aonekanaye, sema kama ameulizwa au hajaulizwa.

Ukituma shairi, niletee pia karatasi ya mkono wako. Ukituma wimbo, niletee na sauti. Nitapokea hadi tarehe 31 Agosti. Asiye na simu aniambie, nitamfuata nyumbani."

Mwenyekiti aliisoma mbele yangu, taratibu, miwani ikiwa puani. Alikubali tarehe. Alikubali mgongo wa picha, akasema yeye mwenyewe anazo mbili za kugeuza. Alibisha kidogo juu ya "urefu wowote", akasema nitajuta nikipokea wasifu kuanzia darasa la kwanza, nami nikamwambia hata huo nitausoma. Jambo moja tu alilikataa katakata: barua ya kamati, asema, haiwezi kuanza bila kumtaka mtu ahusike na kichwa cha habari hapo juu.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "na asiyehusika?"

"Huyo," akajibu akitafuta mhuri, "hata picha hana."